Pete moja, chapa moja ya 750, bei mbili: dhahabu nyeupe na ya waridi zinatofautiana wapi?

NasraIlala
Habari zenu wakuu. Nimeulizia pete ya ndoa ya mviringo mtupu, haina jiwe wala nakshi, kwa masonara wawili Kariakoo. Saizi ileile, upana uleule, unene uleule, wote wameahidi karati 18 na chapa ya 750. Cha kushangaza ni hiki: wa kwanza anasema nyeupe imezidi ya waridi kwa kama laki moja na sitini. Wa pili anasema nyeupe iko chini ya waridi kwa kama elfu thelathini. Ufundi wanatoza sawa.

Nilipouliza sababu, mmoja kasema nyeupe ina platini. Mwingine kasema ya waridi "si safi sana" kwa sababu ina shaba nyekundu. Nani anasema kweli, na ipi ina dhahabu nyingi?

MchumiWaMtaa
Dada, hapo hakuna fumbo. Nyeupe ni dhahabu na platini ndiyo maana bei juu. Waridi imechanganywa na shaba, kwa hiyo usafi umeshuka. Huyo wa pili anakupa fedha iliyochovywa, kimbia. Mimi ningekushauri uchukue ya njano ya Dubai karati 22, mambo yaishe.

Chembe750
Mchumi, umechanganya vitu vitatu kwenye sentensi nne.

Nasra, anza na chapa. 750 maana yake katika kila gramu 1000 za hiyo pete, 750 ni dhahabu. Haijali rangi. Njano, nyeupe, waridi, zote za karati 18 zina robo tatu dhahabu na robo moja vitu vingine. Rangi inaamuliwa na ile robo. Kwenye waridi, robo hiyo ni shaba nyekundu kwa sehemu kubwa na fedha kidogo. Mchanganyiko unaotumika sana, ule unaoandikwa 5N kwenye pakiti, ni dhahabu 75, shaba 20.5 na fedha 4.5. Ukiongeza fedha na kupunguza shaba rangi inapauka kuelekea 4N, kisha unarudi kwenye njano. Hata dhahabu ya njano ya karati 18 ina shaba ndani yake, tena si haba, kama nusu ya ile robo. Kwa hiyo kusema waridi si safi kwa sababu ina shaba ni sawa na kusema chai ya tangawizi si chai.

Platini iweke pembeni. Karibu dhahabu nyeupe zote za madukani zinafanywa nyeupe na mojawapo ya vitu viwili: nikeli au paladi. Nadhani hapo ndipo bei zako mbili zilipoachana. Masonara wako wote wawili wanaweza kuwa wakweli kuhusu bei na wote wawili wamekosea kuhusu sababu.

NasraIlala
Sawa nimeelewa usafi ni uleule. Lakini kama dhahabu ni 75 kwa 100 kote, kwa nini tofauti iwe laki na zaidi? Hiyo paladi ni ghali kiasi hicho?

Chembe750
Paladi ni ghali, lakini sehemu kubwa ya tofauti yako si paladi. Ni dhahabu. Nifuate polepole maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Pete inachongwa kwa saizi, si kwa uzito. Umbo la pete yako lina ujazo fulani, tuseme sentimita za ujazo 0.3, na sonara atajaza ujazo huo kwa chuma chochote atakachochagua. Sasa nikeli na shaba ni vyuma vyepesi ukivilinganisha na dhahabu: kipande cha ujazo wa sentimita 1 kina gramu 9 hivi. Paladi kina gramu 12, fedha kina 10.5. Kwa hiyo mchanganyiko wa paladi na fedha unatoa pete nzito zaidi kwenye ukubwa uleule, na kwa kuwa dhahabu inahesabiwa kwa uzito, pete nzito ina gramu nyingi zaidi za dhahabu ingawa karati haijabadilika.

Tufanye gramu ya dhahabu safi ni shilingi 300,000, paladi 100,000, fedha 3,500. Hizi namba nimezichagua ziwe rahisi kuhesabika, wewe weka za siku utakayonunua. Shaba na nikeli sizihesabu, gramu yake ni makumi ya shilingi.

Nyeupe ya nikeli (dhahabu 75, nikeli 13.5, shaba 8.5, zinki 3): pete yako inatoka gramu 4.43. Dhahabu ndani yake ni gramu 3.32, yaani kama 997,000.

Waridi ya 5N: inatoka gramu 4.55. Dhahabu gramu 3.41. Ukiweka na chembe ya fedha unapata kama 1,024,500.

Nyeupe ya paladi (dhahabu 75, paladi 15, fedha 10): inatoka gramu 4.93. Dhahabu gramu 3.70, ambayo ni 1,109,000 peke yake. Paladi gramu 0.74 inaongeza 74,000. Fedha elfu moja na kitu. Jumla kama 1,185,000.

Sasa linganisha na bei ulizopewa. Paladi imezidi waridi kwa laki moja na sitini, kama sonara wa kwanza. Nikeli iko chini ya waridi kwa elfu ishirini na saba, kama sonara wa pili. Kati ya nyeupe hizo mbili tofauti ni 188,000, na humo 112,000 ni dhahabu ya ziada, iliyobaki ndiyo paladi na fedha. Huyo wa pili hajakuuzia fedha iliyochovywa. Anakuuzia nyeupe ya nikeli, na pengine hata hajui kuwa kuna aina nyingine.

MchumiWaMtaa
Hapo nakubali kwenye uzito, sikuwa nimeufikiria. Lakini kuna njia ya katikati: si aweke tu fedha nyingi? Fedha ni nyeupe, haina mzio, na bei yake chini. Mbona watu wanahangaika na paladi?

FundiWaTanga
Fedha haiwezi kazi hiyo kwenye karati 18. Ukiweka dhahabu 75 na fedha 25 unapata rangi ya njano inayoelekea kijani, kama limau bichi. Wapo wanaoipenda, lakini si nyeupe. Nikeli na paladi zina nguvu ya kuua njano kwa kiasi kidogo, fedha haina nguvu hiyo. Ukishuka mpaka karati 9, ambapo dhahabu ni 37.5 tu na fedha inaweza kuzidi nusu, hapo inapauka ikakaribia weupe. Kwa hiyo una nusu ya ukweli, Mchumi, ila nusu hiyo iko kwenye karati 9.

Na kwa sababu hiyohiyo, mtu akikwambia ana dhahabu nyeupe ya karati 22, muulize ameifanyaje. Nafasi ya vitu vingine humo ni kama 8 tu katika 100, haitoshi kuua njano. Atakuwa na njano iliyochovywa juu. Waridi nayo haikai vizuri kwenye 22. Mfano upo wazi: sarafu ya Krugerrand ya Afrika Kusini ni karati 22 na kilichochanganywa humo ni shaba tupu. Itazame, ni njano yenye wekundu, wala si waridi.

KitaluC
Samahani naingilia. Mimi nina pete ya tanzanaiti kwenye dhahabu nyeupe karati 18, ina mwaka na nusu. Sasa upande wa kiganja imeanza kuwa na unjano unjano. Kwa maelezo yenu ina maana nimeuziwa ya nikeli? Au ndiyo ile ya njano iliyochovywa?

FundiWaTanga
Unjano huo peke yake hauthibitishi wizi. Nyeupe nyingi, hasa za nikeli, zikiwa tupu zina rangi ya kijivu yenye unjano kidogo. Ule weupe wa kioo unaouona dukani ni rodiamu iliyochovywa juu kwa umeme. Tabaka lake ni jembamba mno, mara nyingi halifiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwenye hereni linakaa miaka. Kwenye pete, upande wa kiganja unaosuguana na usukani, sufuria na mpini, linaisha mwaka mmoja au miwili. Wewe umekwenda kawaida kabisa.

Namna ya kutofautisha: angalia pale palipolika ukiwa kwenye mwanga wa mchana, weka kando ya pete ya njano ya karati 18. Kama pamefanana na njano yenyewe, hapo una swali la kumuuliza muuzaji. Kama ni rangi ya majani makavu yaliyopauka, au kijivu, ni nyeupe iliyokosa rodiamu.

Lakini jambo la muhimu kwako ni jiwe. Ukiipeleka kuchovywa upya, mwambie fundi kabla hajaigusa kuwa hiyo ni tanzanaiti. Pete husuguliwa, kisha husafishwa mafuta yote kabla ya kuchovywa, na wengi wanasafisha kwa mashine ya mtetemo yenye maji moto au kwa mvuke. Tanzanaiti haivumilii mtetemo wala joto la ghafla, inapasuka ndani. Isafishwe kwa brashi laini, maji ya uvuguvugu na sabuni. Na kama kuna ukucha wa kulehemu, jiwe litoke kwanza, bila mjadala. Fundi akisafisha kwa haraka akaacha nta ya kung'arishia kwenye kona, rodiamu itabanduka hapo ndani ya wiki chache kama rangi iliyopakwa kwenye bati lenye mafuta.

Chembe750
Naongezea hapo kwenye usafi. Rodiamu haipunguzi karati kwa maana yoyote ya kuhesabika, lakini inaweza kuchanganya mashine ya kupima ya eksirei. Ile mashine inasoma ngozi ya pete tu, haifiki moyoni. Ikikuta rodiamu juu inaihesabu kama sehemu ya mchanganyiko, na asilimia ya dhahabu inasomeka chini ya 75. Mwenye duka la kununua dhahabu chakavu atakuonyesha kioo: "unaona, 71." Mwambie akwangue kidogo ndani ya pete apime hapo. Kinyume chake pia kipo, pete ya karati 9 iliyochovywa dhahabu nene inaweza kusomeka nzuri kuliko ilivyo.

BabuSeif
Tukirudi kwenye waridi. Nina vipande vya dhahabu safi gramu 10, nataka sonara anitengenezee waridi ya karati 18. Nataka nijue atatumia nini ili nisipigwe. Na je, kama ningempa bangili ya karati 22 badala yake?

FundiWaTanga
Gramu 10 za karati 24 unazigawa kwa 0.75, unapata gramu 13.33. Kwa hiyo atakuongezea gramu 3.33. Kwa 5N hiyo ni shaba gramu 2.73 na fedha gramu 0.60. Fundi makini ataongeza pungufu kidogo, tuseme gramu 3.30, ili kipimo kitoke juu kidogo ya 750 na si chini. Lihamu nayo iwe ya karati 18 ya waridi. Akilehemu kwa lihamu ya fedha amekushushia karati ya pete nzima, na kiungo kitaonekana cheupe kama kovu.

Bangili ya 22 ni hesabu nyingine na ina mtego. Gramu 10 zake zina dhahabu 9.17, zinatoa gramu 12.22 za karati 18, unaongeza 2.22. Ila ile bangili tayari ina gramu 0.83 za vitu vingine na hujui ni nini. Kama ni nusu shaba nusu fedha, utaongeza shaba 2.09 na fedha 0.13 tu. Kama zote 0.83 ni fedha, umeshapita fedha inayotakiwa, maana 5N ya uzito huo inataka fedha 0.55. Utaongeza shaba tupu na bado rangi itatoka imepauka. Karati itakuwa sahihi, wekundu ndio utapungua. Watu wengi wanagombana na sonara hapa wakidhani amewaibia shaba!

Dhahabu ya mchimbaji mdogo ndiyo usiihesabu kabisa kama 24. Ina fedha ya asili ndani yake, lazima ipimwe kwanza au isafishwe.

BabuSeif
Shaba yenyewe ni ipi? Waya za umeme zinafaa?

FundiWaTanga
Waya mtupu wa shaba safi unafaa. Usiwe wa kujikunja kwenye mota ukiwa na vanishi yake, usiwe uliopakwa bati, na usiwe kipande cha bomba au koki. Vifaa vya koki huwa na risasi, na risasi kidogo sana, hata ambayo huwezi kuiona kwenye mizani ya dukani, inaifanya dhahabu ikatike kama biskuti kwenye roli. Haitibiki kwa kuyeyusha tena, labda ukaisafishe upya.

Kwenye chungu, dhahabu na fedha zinatangulia. Zikishakuwa maji, nyunyiza boraksi (wazee waliita tinkali), ndipo shaba iliyokatwakatwa iingie na isukumwe chini. Shaba ikikaa juu inaungua na kuwa nyeusi, na ule weusi ukizama unabaki kama madoa mekundu na kahawia yanayojitokeza ukishaanza kung'arisha. Koroga, mimina kwenye kalibu iliyopashwa moto na kupakwa mafuta kidogo.

Kinachofuata ndicho kinachoharibu waridi nyingi. Mkuo ukishaganda, usiuache upoe wenyewe mezani. Subiri wekundu wa moto uishe machoni ukiwa kwenye kivuli, halafu utumbukize majini hapohapo. Dhahabu na shaba kwa kiwango hiki zikipita polepole chini ya nyuzi 400 na kidogo, chembe zake zinajipanga safu safu na chuma kinakuwa kigumu na chenye kuvunjika. Utaipitisha kwenye roli mara mbili, kingo zinachanika kama karatasi. Ukishaipunguza unene kama nusu, irudishe motoni mpaka wekundu hafifu, nyuzi 650 hivi, kisha majini tena. Ikishachanika usiilazimishe. Kata palipochanika, yeyusha upya.

MchumiWaMtaa
Hiyo nilishaisikia, dhahabu yoyote ikitoka motoni ni majini moja kwa moja.

FundiWaTanga
Hapana! Si yoyote. Nyeupe ya nikeli ukiizima majini ikiwa ya moto inapasuka. Hiyo inapoa hewani juu ya tofali. Inataka pia moto mkubwa zaidi wa kulainisha, zaidi ya nyuzi 700, na hata ikilainika bado ni ngumu mkononi. Fundi aliyezoea njano anaivunjia kucha za jiwe akidhani anakunja. Ya paladi ni laini, inakunjika vizuri, ila inasumbua kwenye kuyeyusha. Paladi peke yake inayeyuka nyuzi 1555 wakati dhahabu ni 1064. Tochi ya gesi na hewa ya kawaida haifiki, inatakiwa oksijeni, na chungu kisiwe cha grafaiti maana inachafua paladi. Tena ikiwa maji inanyonya hewa, ikiganda inatoa, unabaki na vitundu kama vya mkate.

Ndiyo maana wengi hapa wananunua mchanganyiko wa tayari au wanaagiza pete tupu. Nasra, kama huyo wa kwanza anatoza ufundi sawa kwa paladi na waridi, amekuhurumia au haitengenezi mwenyewe.

MamaZulfa_Lesta
Huku Uingereza ukinunua swali la kwanza ni nikeli, kwa sababu ya ngozi. Kuna watu wakiivaa wiki moja kidole kinawasha na kutoa vipele. Sheria ya Ulaya haikatazi nikeli kuwemo. Inaweka mpaka wa kiasi kinachotoka kwenye pete kuingia kwenye ngozi: maikrogramu 0.5 kwa sentimita ya mraba kwa wiki, na kwa hereni za kutobolea 0.2. Kwa hiyo pete yenye nikeli inaweza kuwa halali na nyingine ikawa haramu ingawa nikeli yake ni sawa. Tena hapa kitu cha dhahabu kinachozidi gramu 1 lazima kipigwe chapa na ofisi ya upimaji, iko London, Birmingham, Sheffield na Edinburgh. Hiyo chapa ya 750 ya Kariakoo nani kaipiga?

Chembe750
Mara nyingi aliyeitengeneza. Kwa hiyo ni neno lake, na unalipima wewe.

Kuhusu mzio, rodiamu inazuia kwa muda tu. Ikilika, nikeli inagusa ngozi. Mwenye kuwashwa na saa ya bei rahisi au kifungo cha jinzi asijaribu nyeupe ya nikeli, achukue paladi au waridi.

NasraIlala
Mimi kifungo cha suruali kinaniwasha kweli. Basi swali la mwisho: nikishaletewa pete, nitajuaje kama ni paladi na si nikeli? Mashine ya eksirei sina.

Chembe750
Kwa pete yako isiyo na jiwe, mizani ndogo ya kusoma gramu 0.01 na bilauri ya maji vinatosha kukaribia.

Pima pete kavu, andika. Weka bilauri ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga pete kwa uzi mwembamba wa kushonea, ining'inize ndani ya maji, izame yote na isiguse chini wala pembeni. Namba inayotokea ni ujazo wa pete. Tone la sabuni ya vyombo kwenye maji linasaidia, maana povu la hewa likishika ndani ya pete linakudanganya. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Kwa pete yako, majini itasoma 0.30. Kama kavu ni 4.93, jibu ni 16.4, hiyo ni paladi. Kama kavu ni 4.43, jibu ni 14.8, hiyo ni nikeli. Fedha tupu iliyochovywa ingekupa kama 10.4, na nyeupe ya karati 14 karibu 13.

Mipaka yake ni hii. Mizani ya 0.01 ikikosea alama moja, 0.30 inakuwa 0.29 au 0.31, na jibu la nikeli linaweza kusoma popote kati ya 14.3 na 15.3. Haitakutenganishia nikeli na waridi, lakini hizo unazitenganisha kwa macho. Na kuna nyeupe za paladi zenye paladi pungufu na shaba zaidi, zinashuka mpaka 15.5 hivi. Kwa hiyo ukipata 16 na zaidi, lala usingizi. Ukipata chini ya 15, rudisha. Ukiangukia katikati, nenda kwenye mashine na ukwangue ndani.

KitaluC
Hii kwenye yangu yenye jiwe?

Chembe750
Haifai. Jiwe lina uzito wake na ujazo wake, jibu litatoka chini sana na utamshtaki mtu bure.

MchumiWaMtaa
Sasa mimi nina hoja ya kuuza. Hata kama paladi ni laki na nusu zaidi, akija kuuza hiyo pesa haipotei? Dhahabu ni dhahabu, na paladi nayo ina soko duniani.

Chembe750
Ile sehemu iliyotokana na uzito wa dhahabu, ile laki moja na kumi, hairuki hewani, kwa sababu anayenunua chakavu anapima gramu na kuzidisha kwa 0.75 kisha anakata faida yake. Elfu 74 za paladi ndizo zinazobaki kwake. Kwa pete moja sijaona anayelipia paladi, maana kuitenganisha ni kazi ya kiwanda cha kusafishia. Rodiamu nayo hulipwi kitu, ingawa gramu yake sokoni ni ghali.

FundiWaTanga
Kuna wanaolipa kidogo ukiwa na mzigo, chakavu za karakana za miezi kadhaa, zimetengwa na nikeli. Ukishazichanganya hakuna anayehangaika nazo.

MamaZulfa_Lesta
Wengine wanashauri nyeupe ya paladi isichovywe rodiamu kabisa, ibaki na kijivu chake, gharama ya kuchovya kila mwaka iishe. Mnaonaje?

FundiWaTanga
Mimi ningeiacha tupu. Mkwaruzo hauonekani sana na hakuna cha kubanduka.

Chembe750
Mimi siko huko. Mteja akiiweka kando ya pete ya mwenzake yenye rodiamu atasema yake chafu, na atarudi dukani wiki hiyohiyo. Aione tupu kwanza, ndipo aamue.

NasraIlala
Nimepiga simu. Wa pili kasema "ya kawaida tu, haina jina." Wa kwanza kasema paladi ila hajui asilimia, ataangalia kwenye pakiti. Nimemwomba anitumie picha ya pakiti na uzito wa pete kabla ya kuchovya. Kuhusu kuichovya au kuiacha, bado nafikiri.